Mwongozo wa Kuandika Barua ya Bima Isiyoishia Geti la Marangu

Msimu wa ziara ukifika, mkoba wa mwanafunzi hurudi nyumbani na barua. Juu kuna nembo ya shule na kumbukumbu namba, chini kuna muhuri wa buluu uliogongwa mara mbili ili usomeke, na katikati kuna maneno haya: “Tunapenda kuwahakikishia wazazi kwamba wanafunzi na walimu wote watakaokwenda ziara wana bima kamili. Malipo ya ziara yakamilishwe kabla ya Ijumaa tarehe 3.” Katika barua hiyo nzima, jambo moja tu lina tarehe, nalo ni la mzazi kutoa pesa. Bima haina jina la kampuni, haina namba, haina mwanzo wala mwisho, na haisemi inamlinda mtoto akiwa wapi na akifanya nini.

Mwongozo huu ni wa mwalimu aliyeitwa ofisini na kuambiwa, “Tuandikie ile barua ya bima, leo leo.” Ni wa mzazi atakayeipokea pia. Barua tupu nitaikejeli bila kuionea haya, kwa kuwa inamlaza mzazi usingizi ambao hakustahili kuupata. Hatua zenyewe zifuateni kama zilivyo, maana ndizo zinazoamua nani atalipa mguu wa mtoto ukivunjika.

Tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Shule ya sekondari iliyoko Tanga inataka kuwapeleka wanafunzi 36 wa kidato cha tatu Kilimanjaro kwa siku sita, tarehe 10 hadi 15 Julai. Siku ya kwanza ni basi: Segera, Korogwe, Same, Mwanga, Himo, hadi Marangu. Siku ya pili wanapanda kwa miguu kutoka geti la Marangu hadi kibanda cha Mandara, na jioni wanatembea hadi kreta ya Maundi. Siku ya tatu wanakwenda Horombo na kulala huko. Siku ya nne wanashuka hadi getini. Siku ya tano ni maporomoko ya Kinukamori asubuhi na mitumbwi Ziwa Chala mchana. Siku ya sita wanarudi nyumbani. Ratiba hiyo ni nzuri, na barua tupu ingeifupisha hivi: “kupanda mlima, michezo ya majini na burudani nyingine za asili.” Hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Hatua ya kwanza: fungua mkataba wa bima kabla ya kuwasha kompyuta

Barua tupu huandikwa na mtu ambaye hajauona mkataba. Ameuliza ofisini kama shule ina bima, mhasibu akajibu “ipo”, na dereva akaongeza kwamba basi lina bima kubwa. Mwandishi akachanganya majibu hayo mawili, akapata “bima kamili”.

Bima kubwa ya basi ni bima ya chombo. Inatengeneza basi likigongwa, na inabeba madai ya watu walioumizwa na basi hilo barabarani. Mtoto akiteleza kwenye jiwe lenye ukungu juu ya Mandara, basi limeegeshwa chini getini na bima yake imeegeshwa pamoja nalo. Kwa hiyo bima ya basi iandikwe kwenye barua kwa kazi yake halisi, yaani safari ya barabarani tu. Kabla ya kuiandika, ihakikishe kwenye TIRAMIS, mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambako namba ya gari inaonyesha kama bima ni hai na inaisha lini. Neno la dereva lisikutoshe.

Mkataba unaotafutwa kwa ajili ya mlimani ni wa bima ya ajali binafsi kwa wanafunzi, ambao shule nyingi hukata kwa kundi zima kwa mwaka. Uombe wote. Ukurasa wa kwanza, wenye jina la shule na kiasi cha fidia, ndio unaovutia macho, lakini kurasa za nyuma ndizo zinazohusu ziara yako: tafsiri ya neno “ajali”, orodha ya mambo yasiyofidiwa, mipaka ya nchi, na masharti ya kutoa taarifa. Ukikuta mkataba una kava noti tu na kurasa za nyuma hazipo, mpigie simu wakala azilete. Mwombe pia mhasibu stakabadhi ya malipo, kwa sababu kwa utaratibu wa Tanzania bima haianzi kufanya kazi kabla ada yake haijalipwa. Mkataba uliosainiwa lakini haujalipiwa ni karatasi tu.

Hatua ya pili: hesabu watu mmoja mmoja

“Wanafunzi na walimu wote” ni kundi ambalo halipo katika bima yoyote. Katika ziara yetu wako wanafunzi 36, walimu watatu walioajiriwa na shule, matroni mmoja, kijana mmoja wa chuo aliye kwenye mazoezi ya kufundisha, mzazi mmoja aliyejitolea kusindikiza, na dereva. Jumla ni watu 43, na wamelindwa kwa njia tofauti.

Wanafunzi wanaingia kwenye bima ya ajali binafsi ikiwa majina yao yako kwenye orodha iliyopelekwa kampuni ya bima. Orodha hiyo kwa kawaida hupelekwa mwanzoni mwa mwaka. Mwanafunzi aliyehamia shuleni mwezi wa Aprili anaweza kuwa amelipa ada zote, ana sare mpya na kitanda bwenini, na jina lake halimo. Linganisha orodha ya ziara na orodha ya bima jina kwa jina. Kazi hiyo inachukua dakika ishirini, na ndiyo inayogundua upungufu kuliko nyingine yoyote.

Walimu, matroni na dereva walioajiriwa wako chini ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Mfuko huo unawahusu wafanyakazi wa Tanzania Bara walio serikalini na katika sekta binafsi, na unafidia ajali na magonjwa yanayotokana na kazi. Swali litakaloulizwa baada ya ajali ni moja: mwalimu huyu alikuwa kazini? Siku ya tatu ya ziara yetu ikiangukia Jumamosi, mwalimu yuko futi elfu kadhaa juu ya darasa lake, hana chaki mkononi. Kila mfanyakazi apewe barua ya kupangiwa kazi yenye tarehe za ziara na majukumu yake, nakala ibaki kwenye faili lake. Barua hiyo ndiyo inayoigeuza Jumamosi ya Horombo kuwa siku ya kazi.

Wanabaki wawili: mwanachuo na mzazi. Hao ndio husahaulika, maana mmoja anaitwa “mwalimu” na kila mtu, na mwingine anaitwa “mama yetu”. Mzazi hana ajira shuleni. Mwanachuo ana makubaliano na chuo chake, na huenda chuo kina bima yake au hakina. Iulize kampuni ya bima kwa maandishi kama inaweza kuwaongeza kwenye bima ya ajali binafsi kwa siku sita. Gharama ya kuongeza watu wawili kwa muda mfupi si kubwa. Ikishindikana, waambie wenyewe kabla hawajapanda basi, na uandike hivyo kwenye barua.

Waongoza watalii na wapagazi wa mlimani wameajiriwa na kampuni ya utalii mliyoikodi. Bima yao ni ya kampuni hiyo. Omba nakala ya bima ya dhima ya kampuni, yaani ile inayolipa endapo uzembe wa watu wake utamuumiza mteja.

Hatua ya tatu: orodhesha vitendo, uvipe mahali na kipimo

Hapa ndipo penye moyo wa barua. Kampuni ya bima haifidii “burudani za asili”. Inafidia au haifidii kitendo fulani, mahali fulani, kwa namna fulani. Kwa hiyo kila shughuli kwenye ratiba iandikwe kwa kitenzi kimoja, jina la mahali, na kipimo ambacho mkataba unakijali.

Kwa mlima, kipimo ni mwinuko. Mikataba mingi ya ajali binafsi ina sharti linaloondoa upandaji wa milima kupita urefu fulani, au unaotumia kamba na vifaa. Tuseme mkataba wa shule yetu unaishia mita 3,000. Sasa weka ratiba juu ya sharti hilo. Geti la Marangu liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mandara iko mita 2,720. Kreta ya Maundi ni matembezi ya robo saa hivi kutoka Mandara, nayo haifiki mita 3,000. Hadi hapo watoto wamelindwa. Horombo iko mita 3,720. Kwa hiyo asubuhi ya siku ya tatu, mahali fulani katika zile kilomita kumi na kitu kati ya Mandara na Horombo, njia inapotoka msituni na kuingia kwenye vichaka vifupi, watoto wote 36 wanavuka mstari usioonekana na bima yao inabaki nyuma. Wanalala Horombo bila bima, na asubuhi wanaikuta tena wakishuka.

Mwalimu wa barua tupu hawezi kulijua hilo, kwa sababu ameandika “kupanda mlima” na mlima una mita 5,895. Mwalimu aliyeandika “kutembea kwa miguu hadi Horombo, mita 3,720, njia ya Marangu, bila kamba” ataliona kabla ya ziara. Ana njia mbili. Ya kwanza ni kuiomba kampuni nyongeza ya mkataba inayopandisha kikomo hadi mita 4,000 kwa siku hizo, na kulipia ada ya ziada. Ya pili ni kubadili ratiba: walale Mandara siku mbili, siku ya katikati watembee msituni na Maundi, kisha washuke. Njia zote mbili ni halali. Kupanda kwanza na kuuliza baadaye si njia ya tatu.

Tuendelee na Kinukamori. Ratiba inasema “kutembelea maporomoko”. Wanafunzi 36 wenye umri wa miaka kumi na sita, jua la saa tano, na dimbwi la maji baridi chini ya maporomoko: kila mwalimu anajua kitakachotokea kama hakijakatazwa. Kutembelea ni kutembea na kuogelea ni kuogelea, na mikataba hutofautisha. Kama hakuna mtu mwenye ujuzi wa kuokoa anayesimamia, andika “kutazama maporomoko; hakuna kuogelea wala kuruka majini”, kisha mlisimamie hilo kweli. Mtoto akiruka kutoka kwenye mwamba huku walimu wakipiga picha, kampuni itauliza kwa nini shule iliahidi jambo ambalo haikulitekeleza.

Ziwa Chala nalo lina jambo lake. Ni ziwa la kreta, lenye kina kirefu na kingo za mteremko mkali, na mpaka wa Tanzania na Kenya unapita ndani yake. Bima iliyoandikwa “ndani ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania” ina mwisho katikati ya maji hayo. Mtumbwi wa wanafunzi wawili wenye nguvu za kushindana unaweza kufika upande wa pili bila kugongewa pasipoti. Andika basi: “kupiga kasia kwa mitumbwi ya watu wawili, karibu na ukingo wa Tanzania, kila mmoja akiwa amevaa jaketi la kuokolea, chini ya msimamizi wa mitumbwi.” Kisha uiulize kampuni kama mkataba unaruhusu mitumbwi kabisa. Ikiwa jibu ni hapana, siku ya tano mchana iwe ya kutembea ukingoni mwa kreta.

Orodha ikishakamilika, ipeleke kwa kampuni ya bima kabla ya kuipeleka kwa wazazi. Usiulize “tuna bima?” maana utajibiwa “ndiyo, Mwalimu, karibu tena”. Uliza hivi: “Tunaambatanisha shughuli saba. Tafadhali jibuni kwa kila moja: inafidiwa, haifidiwi, au inafidiwa kwa masharti yapi.” Subiri jibu la maandishi kutoka kwa kampuni yenyewe. Neno la wakala kwenye simu halitakumbukwa na mtu siku ya madai, na barua ya shule, hata ikiwa na mihuri mitatu, haiwezi kuilazimisha kampuni kulipa jambo ambalo mkataba haulitaji.

Hatua ya nne: tenga ajali na ugonjwa

Hili ndilo pengo kubwa kuliko yote, na hata mwalimu makini anaweza kulipita. Shule imepata nyongeza hadi mita 4,000 na kila mtu amefurahi. Usiku wa Horombo mwanafunzi anaamka na kichwa kinachomgonga, anatapika, anayumba akitembea. Ni ugonjwa wa mwinuko, ambao unaweza kumpata mtu yeyote kuanzia kama mita 2,500, awe na misuli ya mcheza mpira au asiwe nayo. Dawa yake ya kwanza ni kumshusha chini, usiku huohuo.

Bima ya ajali binafsi hulipa jeraha linalotokana na tukio la ghafla la kutoka nje ya mwili: kuanguka, kugongwa, kuungua. Ugonjwa wa mwinuko ni ugonjwa. Pumu iliyobana kwa baridi ni ugonjwa, na malaria iliyoambukizwa Tanga na kulipuka Mandara ni ugonjwa. Nyongeza ya mita 4,000 imesogeza kikomo cha mahali tu. Maana ya neno “ajali” imebaki ileile.

Kwa hiyo barua iwe na sentensi mbili tofauti. Moja iseme ajali inalipwa na nani na hadi kiasi gani. Nyingine iseme ugonjwa unalipwa na nani. Kama wanafunzi wana kadi za NHIF au bima nyingine ya afya, kadi zenyewe zisafiri na mwalimu kwenye bahasha moja, zisibaki kabatini nyumbani. Kadi ya matibabu inaanza kufanya kazi mgonjwa anapofika kituo kinachoipokea, na Horombo si kituo cha afya. Katikati kuna safari ya kumshusha: machela ya gurudumu moja ya waokoaji wa hifadhi hadi pale gari linapofika, kisha gari hadi hospitali ya Moshi. Ada za hifadhi zina kipengele cha uokoaji. Uliza kwa kampuni ya utalii kama kimelipwa kwa kila mwanafunzi na kinafika hadi wapi. Helikopta ni gharama nyingine kabisa, na bila bima ya uokoaji inayoitaja, atakayetumiwa ankara ni shule au mzazi. Barua iseme ni nani.

Hatua ya tano: toa tarehe, na uache siku ya ziada

Ratiba inasema 10 hadi 15 Julai. Nyongeza ya mkataba nayo ikisema hivyohivyo, inakwisha usiku wa manane wa tarehe 15. Basi likipasuka tairi mbili kati ya Mwanga na Same na kusubiri fundi, watoto watalala njiani, na alfajiri ya tarehe 16 wako barabarani bila bima ya ajali. Omba nyongeza hadi tarehe 16. Taja pia ulinzi unaanzia wapi: getini kwa shule, au tangu mtoto anapotoka nyumbani saa kumi alfajiri kwa bodaboda. Mkataba ukisema getini, mzazi aambiwe hivyo, apange jinsi ya kumfikisha mwanawe salama.

Hatua ya sita: andika wazi yasiyolipwa

Waandishi wa barua tupu huogopa sehemu hii. Wanadhani mzazi akisoma “haifidiwi” atamzuia mtoto. Wako wazazi watakaomzuia, na wana haki hiyo. Wengi watauliza swali moja au mawili, watakata bima ndogo ya ziada, au watampa mwalimu dawa ya pumu yenye maelekezo. Mzazi aliyejua ni mshirika wa shule. Mzazi aliyegundulia mapokezi ya hospitali kwamba “bima kamili” ina kikomo cha shilingi milioni moja, huku ankara ikisoma milioni moja na laki sita, atakuja shuleni kesho yake na ile barua mkononi, na hapo ndipo muhuri wa buluu utakaposomeka vizuri kuliko siku zote.

Usiweke hapa ile sentensi ya “shule haitahusika na lolote litakalotokea”. Ridhaa ya mzazi inaruhusu mtoto aende. Haimruhusu mwalimu awe mzembe, na haigeuki kuwa bima kwa kupigwa sahihi.

Barua yenyewe

Baada ya hatua hizo, barua ya shule yetu ya mfano inasomeka hivi. Nafasi zilizo wazi zijazwe kutoka kwenye mkataba, si kutoka kichwani.

“Kwa mzazi au mlezi wa mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Yah: Uthibitisho wa bima kwa ziara ya Kilimanjaro, 10 hadi 15 Julai.

1. Wanafunzi 36 walio kwenye orodha iliyoambatanishwa wana bima ya ajali binafsi ya kampuni ……, mkataba namba ……, pamoja na nyongeza namba ……, kuanzia saa 10 alfajiri tarehe 10 hadi usiku wa manane tarehe 16 Julai, kutoka getini kwa shule hadi kurudi getini.

2. Kampuni imethibitisha kwa maandishi kwamba shughuli zifuatazo zinafidiwa: kusafiri kwa basi Tanga hadi Marangu na kurudi, kutembea kwa miguu geti la Marangu hadi Mandara, mita 2,720, kutembea hadi kreta ya Maundi, kutembea hadi Horombo, mita 3,720, bila kamba, kulala kwenye vibanda vya hifadhi, kutazama maporomoko ya Kinukamori, kupiga kasia Ziwa Chala karibu na ukingo wa Tanzania, kwa sharti la jaketi la kuokolea na msimamizi.

3. Zifuatazo hazifidiwi na hazitafanyika: kupanda kupita Horombo, kuogelea, kuruka majini, na kuvuka kwenda upande wa Kenya wa ziwa.

4. Gharama za matibabu ya ajali zitalipwa hadi shilingi …… kwa kila mwanafunzi. Kinachozidi hapo ni jukumu la ……

5. Ugonjwa, ukiwamo ugonjwa wa mwinuko, haulipwi na bima hii. Utatibiwa kwa kadi ya afya ya mwanafunzi. Asiye na kadi, mzazi awasiliane na ofisi kabla ya tarehe …… Kumshusha mgonjwa kwa machela kumelipiwa kupitia ……, helikopta haijalipiwa.

6. Walimu watatu, matroni na dereva wako kazini kwa barua za kupangiwa kazi na wanahusika na WCF. Mwanachuo na mzazi msindikizaji wameongezwa kwenye mkataba namba ……

7. Basi namba …… lina bima hai hadi tarehe ……, imehakikiwa TIRAMIS tarehe ……

8. Mkataba na majibu ya kampuni yako ofisini, na mzazi anaweza kuyasoma siku yoyote ya kazi.”

Barua hiyo inaenea kwenye ukurasa mmoja na nusu. Haina “tunapenda kuwahakikishia”, kwa kuwa kila mstari unahakikisha wenyewe.

Kwa mzazi

Ukipokea barua tupu, usigombane na mtu. Piga simu shuleni na uulize kwa adabu. Mazungumzo yatakwenda takriban hivi:

“Mwalimu, habari za kazi?”

“Nzuri, Mama Neema. Karibu.”

“Ahsante. Nimepata barua ya ziara. Naomba namba ya mkataba wa bima, na unijulishe kama unafika Horombo.”

“Mama, wana bima kamili.”

“Nashukuru, Mwalimu. Basi huo ukamilifu nauomba kwa maandishi, na urefu wa mlima uwemo.”

Wazazi watatu wakiuliza hivyo, mwalimu ataufungua mkataba. Akiufungua, ataiona mita 3,000. Akiiona, shule itaomba nyongeza au itabadili ratiba, na vyote viwili hufanyika kwa wiki moja kama ziara bado haijaanza.

Kwako mwalimu, ombi ni moja. Usiisaini barua mpaka jibu la kampuni kwa shughuli zote saba liwe mezani kwako. Siku ya safari, nakala ya barua, orodha ya majina, namba ya simu ya madai na kadi za afya ziwe kwenye mkoba wa mwalimu anayepanda, si kwenye faili la mwalimu aliyebaki. Ajali ikitokea, toa taarifa kwa kampuni siku hiyohiyo, andika jina, saa, mahali na mwinuko, na uhifadhi kila stakabadhi. Kama jibu la kampuni halijafika, ahirisha ziara, mlima hautahama.